Namna ya kumkatalia rafiki ubia wa biashara usiouamini, na mkabaki marafiki

Swali hili naulizwa karibu kila mwezi, na linakuja kwa maneno yale yale: "Rafiki yangu anataka tufungue biashara pamoja. Masharti yananitia hofu, lakini nikikataa ataona simwamini. Nimwambieje?" Anayeuliza huwa ameshapata jibu lake siku nyingi. Anachokosa ni maneno ya kulisemea, na huku anahangaika, rafiki yake anaendelea kupanga mipango akiamini wako pamoja.

Mwongozo huu ni wako kama rafiki yako ni mtu mwema, wazo lake si baya, ila masharti ya ubia yamekaa upande. Hauhusu matapeli. Kwa tapeli hakuna urafiki wa kulinda.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ulionikuta mimi mwenyewe hapa Dar es Salaam. Rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya msingi amefanya kazi ya kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtu mwingine kwa miaka minane. Anaijua nondo kwa kuishika, anawajua mafundi wa mtaa mzima, na siku zote ndoto yake imekuwa kuwa na duka lake Chanika. Alikuja kwangu Jumapili jioni na kaunta buku mkononi, amepiga mistari kwa rula, hesabu yote imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Kodi ya fremu mwaka mzima, milioni 3.6. Dalali, laki 3. Mzigo wa kuanzia, yaani saruji, nondo, mabati, misumari na rangi, milioni 24. Leseni, rafu, mizani na usafiri, milioni 2.1. Jumla milioni 30.

Chini ya jumla aliandika jinsi ya kuipata. Mimi nitoe milioni 10 za akiba yangu. Milioni 20 tukope, mkopo uandikwe kwa jina lake, dhamana iwe hati ya nyumba yangu. Yeye aje na uzoefu, wateja na muda wake wote. Faida nusu kwa nusu. Ukurasa uliishia hapo.

Uwe na vitu hivi kabla hujamjibu

- Masharti yake kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp au picha ya ukurasa wa daftari inatosha.
- Karatasi yako mwenyewe ya hesabu, iliyo mbali na ya kwake.
- Kauli ya mwenzi wako wa ndoa, kama unaye, hasa pale nyumba au akiba ya pamoja inapoguswa.
- Kiasi kimoja cha fedha ambacho kikipotea chote leo hutamchukia mtu. Kiandike. Kinaweza kuwa sifuri.
- Siku ya kutoa jibu, isiyozidi wiki moja.

Hatua ya 1: Pokea wazo, taja siku ya kujibu

Siku anapokuletea, usikubali na usikatae. Mwambie: "Nimekusikia kaka, na nashukuru umenifikiria. Niachie hizi hesabu nizisome. Jumapili ijayo nakupa jibu." Kisha jibu Jumapili hiyo.

*Tahadhari.* Kosa linalovunja urafiki kuliko yote ni kumzungusha mtu. Nilishalifanya. Miaka ya nyuma rafiki mwingine aliniomba tuingie ubia wa duka la nafaka. Nikamwambia "tutaona", kisha "ngoja mwisho wa mwezi", kisha nikawa napokea simu zake kwa kuchelewa. Wiki saba zilipita hivyo. Nilipopata ujasiri wa kusema hapana, alikuwa ameshalipa kodi ya fremu ya miezi 6, milioni 1 na nusu, akijua nakuja. Hakunikasirikia kwa kukataa. Alinikasirikia kwa wiki saba. Kwake yeye "tutaona" yangu ilikuwa ndiyo iliyochelewa, na kwa desturi zetu hakukosea kuielewa hivyo.

Hatua ya 2: Muulize maswali manne, uandike majibu

Uliza kama mtu anayetaka kuelewa. Usiulize kama mpelelezi.

1. Mwezi ambao duka halijaingiza kitu, nani analipa marejesho ya mkopo?
2. Leseni, akaunti ya benki na lipa namba vitakuwa kwa jina la nani, na nani anaidhinisha kutoa fedha?
3. Tukipata hasara, tunagawanaje?
4. Mmoja wetu akitaka kutoka, anatokaje na anachukua nini?

Rafiki yangu alijibu la kwanza kwa kicheko: "Kaka, saruji haikosi mnunuzi." La pili: vyote kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshinda dukani. La tatu na la nne hakuwa amewahi kuyafikiria, na alisema hivyo bila kuficha. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu anayeanza biashara kwa hamu hafikirii kufunga, kama bwana harusi asivyofikiria talaka.

Kuna mambo mawili ya kisheria unapaswa kuyajua hapa, na hayo tu yanatosha. Kwa Tanzania, ubia wa kawaida usio kampuni unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kama hamkuandikiana namna nyingine, wabia hugawana faida sawa na hasara sawa pia. Na mbia mmoja akikopa mzigo kwa ajili ya biashara, mwenye kudai anaweza kumfuata mbia yeyote kati yenu, mpaka kwenye mali yake binafsi. Kwa hiyo "faida nusu kwa nusu" isiyotaja hasara haijaiacha hasara ikielea. Imeiweka kwako pia, kimyakimya.

La pili ni nyumba. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wako kabla haijawekwa rehani. Usimwahidi rafiki hati ambayo huna mamlaka ya kuiahidi peke yako.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwezi mbaya

Rafiki yako ameshakuletea hesabu ya mwezi mzuri. Kazi yako ni kuandika ile nyingine. Usiifanye ili umkomoe. Ifanye ili ujue hasa kinachokutia hofu, kwa kuwa hofu isiyo na jina huishia kuwa maneno mabaya juu ya mtu.

Nilikaa mezani usiku na kuandika hivi. Yeye alikadiria faida ya milioni 1.8 kwa mwezi. Marejesho ya mkopo, kwa makadirio aliyopewa, yangekuwa milioni 1.1 kwa mwezi kwa miezi 24. Inabaki laki 7. Nusu yangu ni 350,000. Zidisha kwa miezi 24, napata milioni 8.4. Maana yake hata kila kitu kikienda kama alivyopanga, miaka miwili ikiisha bado sijairudisha milioni 10 niliyotoa, na muda wote huo hati yangu iko benki.

Kisha nikaandika mwezi wa masika. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, ujenzi unapungua. Msingi umejaa maji, fundi amekaa kwao, lori la mchanga halifiki. Nikaweka faida nusu ya ile aliyokadiria, 900,000. Marejesho yanabaki milioni 1.1. Pengo ni laki 2 kila mwezi, na benki haijali mvua. Pengo hilo halina mwenyewe kwenye daftari lake, ila lina mwenyewe kwenye hati ya nyumba.

Mwisho nikaandika kufunga. Tuseme duka limefungwa baada ya miezi 6, hakuna aliyechukua faida, marejesho yaliyolipwa ni milioni 6.6. Kwenye ratiba ya mkopo zimebaki milioni 19.8. Mzigo ukiuzwa kwa haraka upate milioni 12, linabaki deni la milioni 7.8, nalo linaijia nyumba yangu. Ongeza milioni 10 yangu iliyokwisha kwenda. Mimi nimepoteza milioni 17.8. Benki inaweza kupunguza riba ukilipa mapema, lakini picha haibadiliki sana. Yeye amepoteza miezi 6 ya mshahara na nguvu zake. Hayo nayo si madogo, lakini hayamfukuzi mtu nyumbani kwake.

Hapo ndipo nilipojua ninachokataa. Sikuwa nakataa duka, wala sikuwa na shaka na mikono yake. Nilikuwa nakataa nyumba ya wanangu kusimama dhamana ya biashara ambayo siishiki.

Kama hesabu yako ya mwezi mbaya haikutishi, basi labda huna sababu ya kukataa. Rudi ukazungumze naye juu ya masharti.

Hatua ya 4: Chagua sababu moja, na iwe ya kweli

Ukiwa na sababu tano, chagua ile moja ambayo ingebaki hata nyingine zote zikitatuliwa. Kwangu ilikuwa dhamana ya nyumba. Sababu nyingi humpa mtu kazi ya kuzijibu moja moja, na akimaliza kuzijibu anasubiri ukubali.

*Tahadhari.* Hizi hapa sababu za uongo ambazo watu huzipenda, na kinachofuata baadaye:

"Sina hela kwa sasa." Atakwambia atakusubiri. Ukija kununua pikipiki mwezi ujao, mtaa mzima unajua ulidanganya.

"Mke wangu amekataa." Hata kama ni kweli amekataa, ukilisema hivyo umemtupia lawama mtu asiyekuwepo kwenye mazungumzo. Kuanzia siku hiyo rafiki yako anaingia nyumbani kwako kwa kujikaza. Sema "tumekubaliana nyumbani", umo na wewe ndani yake.

"Biashara ya ujenzi siku hizi mbaya." Yeye ndiye mtaalamu. Umemtukana kazi yake ya miaka minane, na atakuletea takwimu za mafundi wote wa Chanika.

"Ngoja kwanza nimalize ada za watoto." Ada haziishi. Hii ni njia nyingine ya kumzungusha.

Vilevile usiseme chochote kuhusu tabia yake. Hata kama una wasiwasi na namna anavyoshika fedha, kwenye kikao hiki kataa sharti. Ukigusa tabia, hamtazungumza tena juu ya duka. Mtazungumza juu ya mambo ya mwaka gani alikukopa nini.

Hatua ya 5: Mwambie uso kwa uso, mkiwa wawili

Mahali pawe pa kawaida penu. Usimfanyie kikao hotelini, ataona ni kesi. Usimwambie kwenye kamati ya harusi, kwenye msiba, wala mbele ya washkaji wengine. Usimtume rafiki wa pamoja. Kama yuko mbali, piga simu ya sauti wakati ametulia. Usimwandikie ujumbe mrefu, kwa kuwa maandishi hayana sauti, na mtu aliyeumia huyasoma kwa sauti ya ukali.

Jibu liwe na sehemu nne, kwa mpangilio huu: shukrani, hapana, sababu moja, na mpaka. Hapana ije mapema, kabla chai haijapoa. Ukianza na maelezo ya dakika kumi, ataendelea kutumaini dakika zote kumi.

Mimi nilimwambia hivi, tukiwa kwenye viti vya plastiki nje kwangu:

"Kaka, daftari lako nimelisoma lote. Nashukuru ulinifikiria mimi kabla ya mtu mwingine. Kwenye ubia huu sitaingia. Sababu ni moja: siwezi kuiweka nyumba dhamana, kwa duka lolote na kwa mtu yeyote, hata angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Hilo tumekubaliana nyumbani na halitabadilika."

Akanyamaza. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. Kisha akasema, "Kwa hiyo huniamini."

Jiandae kwa sentensi hii, karibu kila mtu huisema. Usijitetee kwa hotuba. Nilimjibu: "Nakuamini. Ningekuwa sikuamini nisingekwambia machoni. Mvua ndiyo siiamini, na benki." Nikakaa kimya. Nikamwacha amalize chai yake.

Ukimya huo ni sehemu ya kazi. Watu wengi hapa huona aibu, wakaanza kujaza ukimya kwa ahadi: "labda mwakani", "nitakutafutia mtu", "nipe muda kidogo". Kila moja ya hizo ni deni jipya.

Kama mnazungumza dada kwa dada, au na mtu aliyekuzidi umri, badilisha heshima ya maneno tu. Mpangilio ubaki ule ule. Kwa mkubwa wako unaweza kuanza na "Shikamoo kaka, nimekuja mwenyewe kuleta jibu", na kule kwenda kwake, badala ya kumwita, kunabeba heshima ambayo maneno hayawezi kuibeba.

Hatua ya 6: Simama kwenye ombi la pili

Ombi la pili huja, ama pale pale au baada ya siku mbili tatu, na huja likiwa dogo. "Basi usitoe hela, niwe mwenyewe, ila nisainie tu udhamini." Au: "Tujaribu miezi miwili bila maandishi."

Hapa ndipo wengi waliokataa vizuri huanguka, kwa kuwa wanahisi wameshamwumiza na wanataka kumpoza.

Udhamini ni mzito kuliko unavyosikika. Mdhamini wa mkopo hubeba deni lile lile la mkopaji. Mkopaji akishindwa, wewe ndiye unayedaiwa, na tofauti na mbia, hupati hata shilingi ya faida. Kama ulikataa ubia kwa sababu ya hatari, udhamini ni hatari ile ile bila daftari.

"Kujaribu bila maandishi" nako si salama. Ubia hauhitaji karatasi ili uwepo. Mkichanga mtaji, mkaendesha biashara pamoja na kugawana faida, mnaweza kuhesabiwa wabia hata kama hamkusaini kitu. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali jina lako liandikwe kwenye usajili wa jina la biashara BRELA "kwa ajili ya kujaza fomu tu".

Jibu la ombi la pili ni sentensi ile ile ya kwanza, fupi zaidi: "Kaka, na hilo pia sitaliweza. Nyumba na saini yangu haviingii kwenye mkopo." Usitafute sababu mpya. Sababu mpya humfanya aone ile ya kwanza haikuwa ya kweli.

Hatua ya 7: Toa unachoweza, kama kipo

Sasa rudi kwenye kile kiasi ulichokiandika mwanzo. Kama ni sifuri, ruka hatua hii bila aibu. Kama kipo, kitoe kwa jina lake halisi: ni zawadi, au ni mkopo wenye tarehe. Kisiitwe "mchango wangu kwenye duka", kwani jina hilo linakurudisha kwenye ubia kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilikuwa na laki 8. Nilimwambia ni mkopo usio na riba, utarudi kwa awamu nne za laki 2 kuanzia mwezi wa nne, na nikamwandikia ujumbe mfupi wenye maneno hayo hayo ili tusije tukabishana juu ya kumbukumbu. Lakini kilichomsaidia zaidi hakikuwa hela. Tulikaa na kaunta buku lake tukalipunguza duka. Badala ya mzigo wa milioni 24, aanze na vitu vinavyotoka kila siku na visivyokula mtaji: misumari, waya za kufungia, rangi za kopo dogo, koki, mabomba ya maji, na mifuko michache ya saruji. Nondo na mabati achukue kwa oda ya mteja aliyelipa malipo ya awali. Fremu ndogo, kodi ya miezi 6. Hesabu ikashuka chini ya milioni 7, ambayo kwa akiba yake na mkopo wa Saccos yake aliweza kuifikia bila hati ya mtu.

Usitoe msaada wa aina hii siku ile ile ya kukataa. Ukiutoa papo hapo unasikika kama fidia, na mtu aliyeumia hapendi kulipwa. Subiri siku chache, na umuulize kwanza: "Unataka tulitazame daftari tena, au tuliache?"

Hatua ya 8: Rudi kwenye urafiki kwa miguu yako

Wiki mbili za kwanza ni zako. Aliyekataa ndiye anayepaswa kutangulia kupiga simu, kwa kuwa aliyekataliwa hujiona akipiga yeye ataonekana bado anaomba. Mpigie kwa jambo lisilo la biashara: mpira wa Jumamosi, mgonjwa mnayemjua wote, mtoto wake aliyefanya mtihani. Mimi nilimpigia siku ya nne na kumwambia nina samaki, aje na watoto. Alikuja na watoto wawili, tukala, hakuna aliyelitaja duka.

*Tahadhari.* Usimsimulie mtu hesabu zake. Mlizozungumza zikae kwenye viti vile. Siku atakaposikia kijiweni kwamba "fulani alitaka kuweka nyumba ya mwenzake rehani", kazi yote uliyoifanya kwa adabu imekwenda, na hakuna maelezo yatakayoirudisha.

Mambo yakienda vibaya

*Amekasirika na amekata mawasiliano.* Mtumie ujumbe mmoja tu: "Kaka, najua nimekuangusha kwenye jambo uliloliwekea matumaini. Jibu langu la duka halijabadilika, na wewe kwangu hujabadilika. Ukiwa tayari nipo." Usitume wa pili kesho yake. Endelea kwenda kwenye shughuli za familia yake kama ulivyokuwa ukienda, msiba au harusi, kwa mchango wako ule ule wa siku zote. Usiuongeze, utaonekana unajinunua. Wengi hurudi baada ya miezi michache. Wapo wasiorudi, na hao mara nyingi walikuwa wameshaitumia fedha yako kichwani mwao.

*Amewatuma wazee au marafiki wakushawishi.* Wapokee kwa heshima, ila usiwape hesabu. "Nashukuru mzee kwa kujali. Nimeshalizungumza naye mwenyewe, na nitaendelea kuzungumza naye mwenyewe." Kisha mpigie rafiki yako siku hiyo hiyo, bila kulalamika, umwambie wamefika.

*Ulishasema ndiyo, sasa unajuta.* Rudi leo, kabla hajalipa kingine. Anza na kosa lako: "Nilikubali kabla sijapiga hesabu, hilo ni kosa langu." Kama ametumia fedha kwa kuitegemea kauli yako, kwa mfano amelipa dalali au kodi ya fremu, zungumza naye juu ya kubeba sehemu ya gharama hiyo. Mimi kwa yule wa duka la nafaka nilichelewa, lakini nililipa kodi ya miezi mitatu, 750,000, kwa mafungu. Ilinichukua karibu mwaka kuimaliza. Leo tunasalimiana na kukaa meza moja, ingawa hajawahi tena kunishirikisha mpango wake wowote.

*Ulishatuma fedha kidogo.* Andikianeni mara moja ni ya nini: inarudi tarehe fulani kama mkopo, au umeisamehe. Isibaki bila jina. Na kama jina lako limeshaingia kwenye usajili au umeshaanza kugawiwa faida, kukataa kwa mdomo hakutoshi. Muone wakili kabla ya kujiondoa, kwa kuwa madeni yaliyofanyika ukiwa mbia yanaweza kuendelea kukuhusu hata baada ya kutoka.

*Duka limefunguliwa bila wewe na linakwenda vizuri.* Utajisikia vibaya kidogo, hiyo ni hali ya kibinadamu. Usiombe kuingia sasa hatari ikiwa imepungua. Nenda kanunue. Mwaka huu nilipokuwa napiga plasta chumba cha nyuma nilichukua kwake mifuko 14 ya saruji, nikalipa bei ile ile anayolipa kila mteja. Alitaka kunipunguzia, nikakataa. Akacheka akasema, "Wewe kukataa umezaliwa nako," kisha akamwita kijana wake apakie mzigo.